Taarifa ya mwaka ya Mwenyekiti: kutwa, kilo na kamisheni katika karakana yetu ya kubangulia korosho

Ndugu wanachama, asalamu alaykum, na Bwana asifiwe kwa wenzetu Wakristo.

Mahesabu kamili mtasomewa na Mweka Hazina baada yangu, kwa hiyo sitayarudia. Mashine ya pili ya kupanga ukubwa ilifika, paa la upande wa tanuri limeezekwa upya, na deni la magunia tumelimaliza. Muda wangu leo nataka kuutumia kwenye jambo moja lililotugombanisha mwaka mzima hapa Masasi, nalo ni namna tunavyowalipa watu wanaokaa kwenye meza za kubangulia.

Mtakumbuka msimu ulipoanza tulikuwa tunalipa kutwa, shilingi 8,000 kwa siku, ubangue nyingi ubangue chache. Kazi ilikwenda polepole lakini ilikuwa safi. Kwa wastani mbanguaji mmoja alitoa kilo 6 na robo za korosho karanga kwa siku, maana yake kila kilo ilitugharimu shilingi 1,280 za ubanguaji. Wanachama wengi mlilalamika kwamba kuna meza zinapiga soga kuanzia saa nne mpaka adhana ya adhuhuri, na walio hodari wanawabeba wavivu. Malalamiko yalikuwa ya kweli. Mwezi Januari tukapiga kura, tukahamia malipo kwa kilo, shilingi 1,000 kwa kila kilo ya karanga itakayopimwa mezani, nzima na vipande bila kubagua. Mimi mwenyewe niliiunga mkono hoja ile kwa nguvu, na kosa lililomo nabeba sehemu yangu.

Wiki ya kwanza kila mtu alifurahi. Meza zilizokuwa zikitoa kilo 6 zikatoa 10. Mbanguaji akaondoka na shilingi 10,000 badala ya 8,000, na chama kikaona gharama ya kilo imeshuka. Hasara ilikuwa imejificha chumba cha pili, kwenye meza ya kupangia madaraja, na tulichelewa kuiona kwa sababu watu wa madaraja walikuwa na daftari lao na wabanguaji lao.

Niwaeleze kwa mfano wa kilo 100 za ghafi, maana ndivyo tulivyoanza kupima. Korosho zetu zikichemshwa vizuri, kilo 100 hutoa karibu kilo 22 za karanga. Wakati wa kutwa, katika hizo 22, kilo 18 zilikuwa nzima na 4 vipande. Wakati wa malipo ya kilo, nzima zilishuka hadi 15 na vipande vikapanda hadi 7. Tuliuza nzima kwa 24,000 na vipande kwa 15,000. Piga hesabu: kwanza tulikuwa tukipata 492,000, baadaye 465,000. Tumepoteza 27,000. Na tulichookoa kwenye ujira ni shilingi 280 kwa kilo, ambayo kwa kilo 22 ni 6,160. Tumeokoa elfu sita, tumetupa elfu ishirini na saba.

Mliowahi kukaa mezani mnajua inavyotokea. Ile mashine ya mkono na mguu ina visu viwili, na korosho inatakiwa ikae sawa katikati yake kabla hujakanyaga. Mtu anayelipwa kwa kilo haisubiri ikae. Anakanyaga, kisu kinaingia mpaka kwenye kiini, na kwa kuwa nusu mbili zina uzito uleule wa nzima, mzani wetu haukumlaumu. Tulikuwa tunalipia uzito, akatupa uzito.

Kuna na mikono. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na ndiyo maana tunaweka kopo la mafuta ya kula na majivu kwenye kila meza. Wakati wa kutwa watu walipaka tena kila wanapoona vidole vinakauka. Wakati wa kilo, kupaka kukawa ni kupoteza muda, na glavu zikatundikwa ukutani kwa kuwa zinapunguza kasi. Februari tulikuwa na watu wanne ambao ngozi ya vidole ilikuwa imebanduka. Hilo halimo kwenye daftari lolote, ila mimi niliwaona.

Basi kamati ikaamua kulipia nzima peke yake. Shilingi 1,300 kwa kilo ya nzima, vipande sifuri. Tulidhani tumepata dawa. Baada ya siku chache zile kilo 22 zikashuka hadi 20 na nusu. Ghafi ileile, mchemsho uleule, karanga zimekwenda wapi? Bibi mmoja anayechukua maganda kwa ajili ya kuni ndiye aliyetuambia kwamba siku hizi maganda yetu ni matamu. Tukamwaga gunia moja la maganda chini, tukakuta vipande vya karanga humo. Mtu aliyevunja hakuwa na sababu ya kukitafuta kipande kwenye ganda, wala ya kukibandua kikiwa kimeshika. Na baadhi, tusifichane, vilikwenda nyumbani kwenye kanga.

Tangu siku hiyo kila mkupuo wa ghafi unapimwa kabla ya kuingia kwenye mvuke, na karanga zake zote zinapimwa tena zikitoka mezani. Namba hiyo ikishuka chini ya 21 kwa mia, jambo la kwanza ni kukagua maganda. Kama maganda ni safi, tatizo liko kwenye ghafi yenyewe au kwenye mchemsho.

Kuanzia Aprili tunalipa hivi: 1,300 kwa kilo ya nzima, 500 kwa kilo ya vipande, na kila aliyefika na kufanya kazi siku nzima hapokei chini ya 6,000 hata kama mvuke umechelewa au kuni zimelowa. Kasi imerudi nyuma kidogo, wastani ni kilo 8 kwa siku. Kwa kilo 100 za ghafi tunapata sasa nzima kilo 18 na nusu, vipande 3 na nusu. Mauzo ni 496,500, ujira wa ubanguaji 25,800. Ukitoa ujira, chama kinabaki na 470,700, wakati kwa kutwa kilibaki na 463,840 na kwa kilo bila kubagua 443,000. Mbanguaji wa kawaida anaondoka na kama 9,400 kwa siku. Ni pungufu ya zile 10,000 za Januari, na wapo walioninunia kwa hilo. Nawaelewa.

Lakini bado kuna manung'uniko mawili ambayo ni ya haki.

La kwanza ni ukubwa wa korosho. Wanunuzi huhesabu karanga kwa ratili: daraja la W240 ni karanga zisizozidi 240 kwa ratili moja, na W450 ni hadi 450. Kwa kilo hiyo ni kama karanga 530 upande mmoja na 990 upande wa pili. Kila karanga ni mkanyago mmoja. Kwa hiyo aliyepewa beseni la korosho ndogo anakanyaga karibu mara mbili ili apate 1,300 ileile. Wakati wa kutwa hakuna aliyejali beseni lipi linakuja kwake. Sasa msimamizi akigawa mabeseni, watu wanamtazama mikono kama wanavyomtazama anayegawa nyama ya shughuli. Ameshaitwa majina, na sidhani kwamba anapendelea, ila mfumo wenyewe umempa uwezo wa kupendelea.

La pili ni mchemshaji. Mwezi Juni tulipata mikupuo mitatu ambayo mvuke wake ulikatishwa mapema. Ganda lilikuwa halijakatika vizuri, kiini kimegandana nalo, na hata mbanguaji wetu hodari kuliko wote alivunja theluthi. Mshahara wake ulishuka kwa kosa ambalo halikuwa lake. Wapo waliopendekeza mchemshaji naye alipwe kwa kilo anazochemsha. Napinga kabisa. Ukimlipa kwa kilo atafungua mlango wa boila mapema ili aingize mkupuo mwingine, na hasara itatokea mezani kwa wengine. Kazi yake ni kusubiri, na kusubiri kunalipwa kwa mshahara wa mwezi. Hali kadhalika anayelinda tanuri la kukaushia. Tulichofanya ni kwamba mkupuo ukivunjika kupita kiasi kwenye meza zote kwa pamoja, siku hiyo inalipwa kutwa ya 8,000 kwa wote. Meza moja ikivunja peke yake, hapo tunaangalia visu na mkono wa mwenye meza.

Kuhusu kamisheni sitakaa sana. Kijana wetu wa mauzo alikuwa anapata asilimia 5 ya kila alichouza. Kwa kilo ya 24,000 anapata 1,200. Akimpunguzia mteja hadi 22,000 anapata 1,100. Yaani yeye anapoteza shilingi mia, sisi tunapoteza elfu mbili, na mteja anamwona mtu mwema. Si ajabu kwamba alipunguza. Tena alikopesha, kwa kuwa kamisheni ilihesabiwa siku mzigo unapotoka, si siku fedha inapoingia. Sasa ana posho ya mwezi, kamisheni yake inalipwa fedha ikishaingia benki, na chini ya 23,000 hauzi bila idhini ya kamati. Deni la duka moja la mjini bado tunalifuata kwa miguu.

Nimeulizwa pia kama anayelipwa kwa kilo ana likizo. Anayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimtoi nje kwa sababu ujira wake haupimwi kwa saa. Mshahara wake wa kukokotolea likizo hutafutwa kwa wastani wa alichopata katika wiki 13 zilizotangulia. Ndiyo maana nawasihi kila mmoja atunze kadi yake ya kilo na aisaini kila jioni, na asikubali kupimwa kwenye mzani ambao stika ya Wakala wa Vipimo imepitwa na muda. Karanga ipimwe pia ikiwa imepoa, maana inayotoka kwenye mvuke ina maji, na mtu aliyeharakisha kupima hulipwa maji.

Hoja ninayoileta mbele yenu leo ipigiwe kura ni hii: beseni la korosho ndogo lilipwe 1,900 kwa kilo ya nzima, la kati 1,500, na kubwa libaki 1,300, na mabeseni yagawiwe kwa zamu iliyoandikwa ubaoni asubuhi badala ya kwa mkono wa msimamizi. Mweka Hazina anasema itaongeza gharama, na yuko sahihi, kwa kuwa ndogo ndizo zinazouzwa bei ya chini. Atawaonyesha kiasi gani. Kama mtaona hatuwezi kuzilipia, basi kamati iulizwe kwa nini tunazinunua.