Picha ya moran haiuzi Kisumu

Mhariri, nimesoma ile ripoti yenu kuhusu makampuni ya safari yanayotafuta wageni wa ng'ambo na shida yangu ni moja tu, hizo picha. Brosha moja niliyoiona juzi inauza ziara ya huku kwetu ziwani lakini ukurasa wa kwanza ni moran anaruka, jua linazama, na chini wameandika "Afrika halisi". Sasa mgeni akifika Dunga akute wavuvi wanashusha samaki na mama anageuza omena juu ya neti, si ataona amedanganywa? Na huyo moran hata jina hakupewa, amekuwa pambo tu, inaniuma sana.

Mimi naomba hao watu wa matangazo wafanye hivi: wafunike jina la kampuni, na kama tangazo bado linaweza kuuza Namibia bila kubadilisha neno, walirudie. Yale mawe makubwa ya Kit Mikayi pekee yanatosha kuanza, jina lenyewe kwa Kijaluo ni jiwe la mke wa kwanza, na watu bado huenda kusali hapo. Basi msiandike "mila za ajabu", mwacheni mwongozaji wa hapo aeleze kwa maneno yake, mumlipe kwa hayo maandishi, muulize ni saa gani wageni wasipige picha, na hiyo saa iandikwe kwa ratiba kabla mgeni hajalipa.

Msomaji wenu,
Kisumu