Kabati la zamani na rangi ya rido zako

Mteja akituletea kabati la kupaka rangi, mara nyingi anakuja ameshachagua rangi dukani. Sisi tunaomba kwanza tuione saloni yake. Rangi iliyopendeza chini ya taa ya duka, ikifika pembeni ya fotey na rido, inageuka rangi nyingine kabisa.

Chukua kazi ya mama mmoja wa Ibanda, hapa Bukavu. Fotey zake ni za damu ya mzee, rido ni za krimu zenye majani madogo ya kijani kilichofifia. Alitaka kabati lake la libuyu lifanane na fotey. Tulimshauri aache, kwa sababu kitambaa kinameza mwanga na mbao iliyopakwa inaurudisha: rangi ileile juu ya vitu hivyo viwili huonekana kama fundi ameikosea. Tukachukua kijani cha yale majani. Rangi iliyo kidogo ndani ya chumba ndiyo inayokubali kukuzwa.

Kijani hicho hakiuzwi kwenye kopo. Tulianza na nyeupe ya mafuta isiyong'aa sana, tukatia njano, kisha nyeusi tone kwa tone, maana njano ikikutana na nyeusi inatoa kijani cha zeituni. Kilipobaki kikali, nyekundu kidogo sana ilikituliza. Rangi ya kazi nzima inachanganywa mara moja. Ikikwisha katikati ya mlango, mchanganyiko wa pili hautafanana na wa kwanza.

Kabla ya kugusa kabati tulipaka kipande cha tripleksi mikono miwili, tukakiacha kikauke usiku mzima, tukampa mama akisimamishe pale kabati litakapokaa. Kisilazwe mezani, kwa kuwa kikilala kinapokea mwanga mwingi na kuonekana cheupe zaidi. Akitazame mchana, akitazame tena usiku taa ikiwaka. Usiku aliona kimekuwa cheusi mno, tukaongeza nyeupe.

Libuyu ina tabia yake: mbao nyekundu hutoa maji ya kahawia yanayopenya rangi nyepesi, hasa rangi ya maji. Ukiona madoa ya chai yanajitokeza baada ya siku chache, kuongeza mkono mwingine hakusaidii, yatarudi. Kwa hiyo tunaosha mafuta ya jikoni, tunapiga msasa namba 120 hadi vanishi ya zamani ipoteze mng'ao, tunafuta vumbi, kisha tunapaka shelaki ya kuziba. Ndipo inakuja rangi, mikono miwili myembamba, na msasa namba 220 katikati.

Kwa mvua zetu za Bukavu, rangi ya mafuta hukauka juu mapema lakini ndani bado ni laini. Ibonyeze kwa ukucha mahali pasipoonekana: ukiacha alama, usifunge milango wala usipange sahani. Kabati lililoliwa na wadudu hatulipaki mpaka mbao ile ibadilishwe.

Ukituita nyumbani, usitoe rido kwenda kufua siku hiyo.