Urea ya maabara mbili si lazima iwe urea moja

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja alieleza katika toleo lililopita jinsi alivyooanisha majina ya vipimo vya maabara kadhaa na misimbo ya LOINC, mfumo wa kimataifa unaokipa kila kipimo cha maabara msimbo wake, kwa programu inayolinganisha herufi. Majina yakikaribiana vya kutosha yanapewa msimbo mmoja, na kazi inaisha mwisho wa wiki. Mimi ni mteknolojia wa maabara. Siku hizi kazi yangu ni kupokea majibu ya maabara mbalimbali na kuyaingiza kwenye kanzidata moja, na nilipoisoma barua ile nilikumbuka mistari minne iliyotufikia siku za mwanzo:

```
BS    | 5.6    | mmol/L |
BS    | No MPS |        |
UREA  | 18     | mg/dL  | 7-20
UREA  | 34     | mg/dL  | 15-45
```

Miwili ya juu itamchekesha yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi. BS ya kwanza ni sukari ya damu. Ya pili ni slaidi ya damu, yaani kipimo cha malaria kwa darubini, na "No MPS" maana yake vimelea vya malaria havikuonekana. Herufi zinafanana kwa asilimia mia moja, lakini vipimo havihusiani hata kidogo. Kilichotuokoa ni safu ya majibu, si safu ya majina. Kosa la aina hii halidumu, kwa sababu daktari akikuta "No MPS" kwenye jedwali la sukari atapiga simu siku hiyo hiyo.

Anayeninyima usingizi ni urea, kipimo cha kazi ya figo. Jina moja, kizio kimoja, na majibu yote mawili ni namba za kawaida. Ila tazama safu ya mwisho, ile ya viwango vya kawaida. Maabara ya kwanza inasema 7 hadi 20, ya pili 15 hadi 45. Watu wa mji mmoja hawawezi kutofautiana figo kiasi hicho. Ukweli ni kwamba maabara ya kwanza haitoi urea yenyewe bali naitrojeni iliyomo ndani ya urea, kile ambacho kwenye fomu nyingi huandikwa BUN. Molekuli ya urea ina uzito wa takriban 60, na naitrojeni iliyomo ni 28. Gawanya 60 kwa 28 upate kama 2.14, kisha zidisha 7 na 20 kwa namba hiyo: unapata 15 na 43. Ni karibu viwango vile vile vya maabara ya pili, vimevaa nguo nyingine.

LOINC, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Taasisi ya Regenstrief huko Indianapolis, inavitofautisha vitu hivi vizuri kabisa. Naitrojeni ya urea kwenye seramu au plazma, kwa uzito, ni 3094-0. Urea yenyewe kwa uzito ni 3091-6. Urea hiyo hiyo ikitolewa kwa moli, yaani mmol/L, ni 22664-7. Kwa hiyo msimbo hauchagui jina tu. Unataka kujua ni kitu gani hasa kilichopimwa, kwenye sampuli gani, na kwa kiasi cha aina gani. Neno "UREA" peke yake linajibu nusu ya swali la kwanza. (Tarakimu iliyo baada ya kistari ni ya kukagua makosa ya kuchapa. Haijui kama umechagua kipimo kisicho chako, ingawa nimeona watu wakiitegemea kana kwamba inajua.)

Sasa tumwingize mgonjwa. Maabara ya kwanza inamwandikia "UREA 40 mg/dL", nayo ni naitrojeni. Kanzidata yetu huonyesha kila kitu kwa mmol/L ili daktari aone mwenendo kwenye mstari mmoja. Naitrojeni hugawanywa kwa 2.8, kwa hiyo jibu sahihi ni 14.3, ambalo ni juu sana kwa sababu mtu mzima hutarajiwa kuwa chini ya 7 au karibu na hapo. Lakini kama yule aliyeoanisha aliamini jina, mfumo utagawanya kwa 6, ambacho ni kigawanyo cha urea, na utaonyesha 6.7. Jibu la figo iliyochoka limegeuka kuwa jibu la mtu mzima wa afya. Hakuna tahadhari itakayowaka, wala daktari hatapiga simu, maana namba haina kasoro yoyote ya kuonekana.

Namna ya kulikamata kosa hili si ngumu. Chukua majibu ya wagonjwa wa nje wa kila maabara kwa miezi michache, yabadilishe yote kuwa mmol/L kwa msimbo uliochagua, kisha linganisha namba za katikati. Maabara mbili zinazohudumia watu wa aina moja zinapaswa kukaribiana. Moja ikiwa chini ya mwenzake kwa karibu nusu, na uwiano ukawa mnamo 2.14, umeshajua umemwoanisha nani vibaya. Baada ya hapo nenda maabara ukasome karatasi ya kitendanishi na mpangilio wa mashine, kwa sababu mashine nyingi za kemia zinaweza kuwekwa zitoe urea au naitrojeni yake. Sisi tulipouliza kwa simu tuliambiwa "ni urea ya kawaida tu", na aliyejibu hakudanganya. Ndivyo wanavyoiita pale tangu mashine ilipofungwa.

Kipimo hiki cha uwiano kina mipaka yake. Maabara ya kliniki ya figo haiwezi kulinganishwa na ya kituo cha afya, na vipimo vinavyoagizwa mara chache havitoi majibu ya kutosha kulinganisha chochote. Hapo hakuna njia ya mkato, ni karatasi ya kitendanishi tu.

Jambo jingine ambalo barua ile haikuligusa ni tarehe. Maabara hubadilisha mashine. Moja ya maabara zetu ilihama kutoka mg/dL kwenda mmol/L bila kugusa jina la kipimo, na uoanishaji wetu uliokuwa sahihi Ijumaa ukawa uongo Jumatatu. Tangu hapo kila mstari wa jedwali letu la kuoanisha una tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na jina la mtu wa maabara aliyeuthibitisha. Na maandishi ya asili, yaani "UREA", "BS", hata yale yenye makosa ya herufi, tunayatunza kama yalivyokuja kando ya msimbo. Tulipogundua kosa la naitrojeni tuliweza kurudi nyuma na kusahihisha majibu yote kwa sababu hiyo tu. Kama tungebaki na msimbo peke yake, tusingejua tena nani alikuwa nani.

Programu ya kulinganisha herufi naitumia hata mimi. Inanipendekezea misimbo michache, nami nachagua nikiwa na kizio, sampuli, viwango vya kawaida na majibu halisi kama hamsini mbele yangu. Ningemwomba mwandishi yule arudi kwenye orodha yake, atafute kila mstari wenye neno urea na kizio cha mg/dL, kisha aangalie viwango vya kawaida vilivyoandikwa pembeni. Kama hakuviomba kutoka maabara, aanze kwa kuviomba.

Mteknolojia wa Maabara,
Morogoro