Binamu, jua haliko utosini kila siku hapa Nairobi

Binamu yangu, salamu sana. Ile maneno uliandika kwa grupu ya familia, ati sisi tuko Ikweta kwa hivyo jua linatusimamia juu ya kichwa kila siku saa sita, imenikaa kichwani na nimeona nikujibu hapa wazi ili na wengine wasome, juu najua si wewe peke yako unaamini hivyo. Nairobi tunapata jua la utosi kabisa mara mbili tu kwa mwaka, karibu Machi 17 na karibu Septemba 26. Siku zingine zote, hata ile saa jua liko juu zaidi, limeegemea kaskazini ama kusini kidogo.

Sababu ni huu mhimili wa dunia. Dunia inajizungusha ikiwa imelala upande kama digrii 23.4, na huo mlalo haubadiliki mwaka mzima, inazunguka jua na mhimili ukiwa umeelekea kule kule. Sasa Juni ile sehemu ya kaskazini ndiyo inakuwa imeinamia jua, Desemba ni ya kusini. Kwa hivyo ile mahali jua linapiga wima chini haikai pamoja, inapanda hadi Tropiki ya Kansa mwezi wa sita halafu inashuka hadi Tropiki ya Kaprikoni mwezi wa kumi na mbili, inaanza tena. Fikiria matatu ya kwenda na kurudi, stage za katikati inazipita mara mbili, ikienda na ikirudi, lakini ile ya mwisho inafika mara moja inageuza. Ndiyo maana pale kwa Tropiki zenyewe ni mara moja kwa mwaka, na ukivuka hapo uende mbali zaidi jua halifiki utosini hata siku moja.

Nairobi iko digrii 1.3 hivi kusini mwa Ikweta, basi Machi jua likipanda linatupitia siku tatu nne kabla ya kufika Ikweta, na Septemba likishuka linapita Ikweta kwanza ndio litufikie. Mombasa wako kusini zaidi, digrii 4 hivi, kwa hivyo wao ni karibu Machi 10 na Oktoba 3. Lodwar wako kaskazini mwa Ikweta, kwao inageuka, wanangoja hadi karibu Machi 28 na ya pili inawapata karibu Septemba 15.

Na usidhani hiyo tofauti ya Juni ni ndogo. Chukua paipu ya mita moja uisimamishe wima, mwisho wa Juni saa jua liko juu zaidi kivuli chake kitakuwa kama sentimita 46 na kimeelekea kusini, mwisho wa Desemba ni kama sentimita 41 kuelekea kaskazini. Ndio maana balkoni inayoangalia kusini inakosa jua la mchana miezi hiyo ya katikati na nguo zinachelewa kukauka, na hapo hata mawingu ya Julai sijayahesabu.

Kitu kinachoharibia watu wengi hii hesabu ni saa. Wanatoka saa sita kamili Machi 17, wanaona kivuli, wanasema ni uongo. Lakini saa yetu ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki na Nairobi iko karibu 36.8, jua linachelewa kutufikia kwa dakika 33 hivi, halafu mwezi wa tatu jua lenyewe liko nyuma ya saa kwa dakika nane na kitu. Kwa hivyo utosi wetu Machi ni kama saa sita na dakika 41. Ukitoka saa sita kamili ile paipu ya mita moja itakuwa na kivuli cha sentimita 18 upande wa magharibi, na hapo hakuna kitu kimeharibika. Septemba jua linakuwa mbele ya saa, basi ni mapema, kama saa sita na dakika 24.

Ukitaka kujaribu, tafuta mahali sawa umeangalia na pima maji, na paipu uinyooshe na timazi, juu ikilala digrii moja tu inakupa karibu sentimita mbili za kivuli cha uongo. Anza dakika kumi kabla, kivuli kitakuwa kinafupika upande wa magharibi hadi kiishie chini ya paipu halafu kianze kutoka mashariki. Siku moja ukikosa si shida, jua husogea kama digrii 0.4 kwa siku wakati huo, hiyo ni milimita saba tu kwa mita moja. Kwa hivyo kama kuna mawingu tarehe 26, toka 27.