Kikao cha Jumamosi, kwa wote watakaoongea

Habari zenu ndugu. Tunakutana Jumamosi saa 4 asubuhi hapa Nakivale, chini ya mwembe uleule, na mkalimani wa Kinyankole atakuwepo. Kila mtu nimempa dakika 20 lakini maneno yako yawe ya dakika 10 tu, zingine ni za mkalimani.

Plizi msikate wazo katikati. Mara iliyopita mtu alisema "leteni watoto wote", akanyamaza, ikatafsiriwa, wamama wakaanza kuinuka ndo akaongeza "isipokuwa wenye homa", tukahangaika kuwarudisha. Sema wazo zima kwa ufupi, kisha subiri mpaka mkalimani amalize neno la mwisho. Methali acheni, na tarehe mwandikieni kwenye karatasi mapema.

Nani anakuja? Jibuni hapa kabla ya Alhamisi jioni.