Kila kauli imesikika mara mbili: tunavyoandika muhtasari wa mkutano wenye mkalimani

Wateja wengi wanaotuletea rekodi za mikutano iliyokuwa na mkalimani huuliza kwanza kama wanaweza kukata sehemu za lugha moja, dakika zipungue na bei ishuke. Tunawaomba wasikate. Ni kweli kwamba rekodi ya saa mbili ya mkutano wa namna hii huwa na mazungumzo ya kama saa moja tu. Lakini hiyo saa ya pili ndiyo inayotuonyesha kila upande uliondoka na nini kichwani.

Mkalimani husubiri msemaji amalize sentensi mbili tatu, kisha huzisema kwa lugha nyingine, na akiujua utaratibu husema "mimi" kwa niaba ya msemaji. Anayeandika kwa kufuata sauti tu hujikuta na watu wawili walioahidi jambo moja. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote tunapanga jedwali: muda, nani anasema, kauli yake, na pembeni yake tafsiri iliyotolewa. Kauli na tafsiri yake ni jozi moja, na kwenye muhtasari jozi huwa hoja moja yenye jina la msemaji. Jina la mkalimani linabaki kwenye orodha ya waliohudhuria.

Jozi nyingi hulingana na kazi inakwenda haraka. Ugumu uko kwenye zile chache zisizolingana.

Chukulia mkutano wa kamati ya maji ya kijiji na mhandisi anayezungumza Kiingereza. Mhandisi anasema pampu itafika ndani ya wiki sita baada ya malipo ya awali kuingia benki. Mkalimani anasema: "Pampu itafika ndani ya wiki sita." Mwenyekiti anafurahi: "Basi masika yatatukuta tuna pampu." Hilo nalo linatafsiriwa, mhandisi anaitikia sawa, wanaendelea na ajenda nyingine. Mhandisi anahesabu kuanzia siku ya malipo, mwenyekiti anahesabu kuanzia leo, na wote wawili wameitikia.

Ukiandika kauli zote mbili, mhandisi anaonekana amejipinga mwenyewe. Ukichagua ya mhandisi peke yake, furaha ya mwenyekiti haina maelezo, na siku akidai pampu yake ataonekana msumbufu. Ukichagua ya mkalimani, umemfunga mhandisi kwa ahadi ambayo hakuitoa. Baya kuliko yote ni kuzichanganya na kuandika "wiki sita hivi, kutegemea malipo", maneno ambayo hayakutoka kinywani mwa yeyote.

Sisi tunaandika hivi:

"Mhandisi alisema pampu itafika ndani ya wiki sita baada ya malipo ya awali kuingia benki (00:41:10). Sharti la malipo halikusikika katika tafsiri, na jibu la mwenyekiti (00:42:05) halikulizingatia. Tarehe ithibitishwe na pande zote mbili."

Kauli ni ya aliyeisema, jibu linasomwa kwa kile mjibu alichokisikia, na pengo linawekwa wazi pamoja na muda wake ili yeyote aweze kwenda kusikiliza. Hatuandiki kwamba mkalimani amekosea. Hatukuwepo, na huenda sharti hilo lilikuwa limeshazungumzwa kabla rekodi haijawashwa.

Si kila tofauti inastahili maelezo. Mkalimani akifupisha salamu, tunaipita. Mhandisi anayejua Kiswahili kidogo akidakia palepale, "Hapana, baada ya malipo," na mkalimani akarekebisha, tunaandika kauli iliyorekebishwa basi, maana hakuna aliyetoka na ile ya kwanza. Tunachojiuliza kila mara ni kama tofauti hiyo imegusa kiasi, tarehe, sharti au jina la atakayefanya kazi, na kama kuna mtu aliondoka nayo.

Sehemu moja hutupwa kimakosa: mkalimani anapouliza kwa ajili yake mwenyewe. "Umesema eka au hekta?" Swali si hoja ya mkutano, lakini jibu ni la msemaji na mara nyingi halirudiwi tena popote. Hekta moja ni karibu eka mbili na nusu, kwa hiyo jibu hilo tunalipeleka kwenye kauli inayohusika.

Kuna mahali ambapo hatuwezi kulinganisha. Simu ikiwekwa mezani karibu na mkalimani, sauti ya msemaji huja kama mnong'ono, na lugha nyingine hatuzijui kabisa. Hapo tunaandika "kwa mujibu wa tafsiri" kwenye kila hoja inayohusika, hata kama mteja angependa muhtasari usio na maneno hayo.

Mnapotuletea kazi, leteni rekodi nzima, ajenda, majina ya waliohudhuria na lugha ya kila mmoja. Mkiweza, wekeni kinasa sauti katikati ya msemaji na mkalimani.