Maneno ya etiketi za sakoshi

Jambo wote. Etiketi za sakoshi za ngozi zinachapwa Ijumaa hapa Bukavu, someni kwanza.

Mbele tuondoe "imetengenezwa kwa upendo", haimwambii mnunuzi kitu. Tuandike: "Imeshonwa kwa mkono, uzi mmoja na sindano mbili. Mshono mmoja ukikatika, mingine inashika."

Nyuma, "usiloweshe" haitoshi. Kwa mvua zetu itamlowea tu. Tuandike: "Ikilowa, ipanguse kwa kitambaa kikavu, ijaze karatasi nyeupe, ikauke kivulini. Usiiweke juani wala karibu na mbabula, ngozi itakakamaa na kupasuka." Gazeti hapana, wino wake unahamia kwenye ngozi.

Tufunge kwa uzi. Pini ya chuma ikipata unyevu inaacha doa jeusi ambalo halitoki.